Mchoro wa mfumo wa tiketi: mabadiliko baada ya mapitio ya Jumanne

Kaka Baraka, habari za asubuhi.

Nimemaliza kurekebisha mchoro. Toleo jipya, `tiketi-usanifu-v3.drawio`, liko kwenye folda ileile. Toleo la pili sijalifuta, ili uweze kulinganisha.

Badiliko kubwa liko kwenye malipo. Awali majibu ya M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye huduma ya tiketi. Uliuliza itakuwaje huduma hiyo ikizimika wakati abiria ameshakatwa pesa, na mchoro haukuwa na jibu. Sasa nimeweka kipokezi kidogo mbele yake: kinahakiki jibu, kinaliweka kwenye foleni ya RabbitMQ, kisha kinaitikia kwamba limefika. Huduma ya tiketi inachukua kutoka hapo kwa mwendo wake. Hata ikilala kidogo, malipo yanaisubiri. Kwa kuwa jibu moja linaweza kutumwa mara mbili, pembeni ya mshale nimeandika kwamba namba ya muamala ni `UNIQUE` kwenye jedwali, ili malipo mamoja yasizae tiketi mbili. Desemba, watu wa Moshi na Arusha wakianza kukata tiketi kwa pamoja, sehemu hii ndiyo itakayobeba mzigo, kwa hiyo naomba uiangalie kwa makini kuliko nyingine zote.

Mishale yote sasa inatoka kwa anayeita kwenda kwa anayeitwa. Mstari mzima ni wito unaosubiri jibu, wa vitone unapita kwenye foleni. Maelezo yako chini kulia.

Pendekezo la kuweka hali ya siti kwenye Redis sikulifuata. Nakala ikichelewa sekunde chache tu, abiria wawili pale Mbezi wataoneshwa siti moja. Siti inasomwa na kufungwa ndani ya PostgreSQL kuu kwa `SELECT ... FOR UPDATE`. Redis nimeiachia ratiba na nauli. Kama bado unaona tofauti, nipigie tuongee. Ripoti za wamiliki wa mabasi nimezihamishia kwenye nakala ya kusoma.

Mstari mwekundu ni mpya. Unazunguka huduma zetu zote zinazogusa majina na namba za simu za abiria, kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtoa huduma wa SMS yuko nje ya mstari huo, na anapewa namba ya simu na ujumbe wa tiketi tu.

Nahitaji uamuzi wako kwenye jambo moja: RabbitMQ iwe kwenye seva moja au tatu? Nimechora tatu, maana moja ikianguka mbili zilizobaki bado ni zaidi ya nusu na foleni inaendelea. Gharama itapanda, lakini hapa ndipo pesa za watu zinapopita. Ukinijibu kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi, nitawahi kuuchapisha mchoro kwa ajili ya kikao na wamiliki.

Ahsante,
Neema