Presha: ile aya ya muongozo tumeigeuza hatua, someni kabla ya Jumatatu

Asalaam aleikum wenzangu. Kama tulivokubaliana kwenye kikao, aya ya presha nimeiandika upya kwa manesi wa kituo chetu, na tabibu wetu kaipitia. Ya zamani ilikua hivi: "Kwa wateja wenye shinikizo la juu la damu lililothibitishwa, matibabu yaanzishwe kwa kuzingatia kiwango cha shinikizo, uwepo wa magonjwa ambatani na uharibifu wa viungo lengwa, na rufaa itolewe pale inapostahili." Haina kosa, ila nesi alie peke yake zamu ya jioni na mzee wa 178/104 mbele yake haimwambii afanye nini sasa hivi. Kwaiyo hapa kila namba ina kazi yake na muda wake.

Hatua ya 1. Pima vizuri, mana namba mbovu inaharibu yote ya mbele

Mtu katembea juani kutoka bondeni au kashuka kwenye baskeli, usimfunge mkanda pale pale. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Muulize kama kanywa kahawa au kavuta sigara ndani ya nusu saa iliopita, kama ndio asubiri. Muulize na haja ndogo, kibofu kikijaa presha inapanda. Usizungumze nae wakati mashine inapima (hili najua ni gumu, bibi zetu wanapenda kuuliza habari za nyumbani, lakini mwambie "subiri kidogo bibi, nipime kwanza").

Mkanda unafungwa kwenye ngozi, sio juu ya baibui. Mkono wa nguo ukikunjwa ukabana nao unaharibu kipimo, kwaiyo vuta pazia mama atoe mkono wake kwa stara, pazia lipo litumike. Mkono mnene unataka mkanda mkubwa, uko droo ya pili, mdogo ukiulazimisha unatoa namba ya juu isiokua ya kweli.

Pima mara 2, dakika 1 au 2 katikati, chukua wastani. Mtu mpya pima mikono yote miwili, fuata ule uliotoa namba kubwa.

Hatua ya 2. Kabla ya kuangalia namba, uliza mawili

Mwanamke: una mimba, au umejifungua ndani ya wiki 6? Ikiwa ndio, nenda hatua ya 4, hatua ya 3 haimuhusu kabisa.

Wote: una sukari, ugonjwa wa moyo, figo, au ulishawahi kupata kiharusi? Andika kwenye kadi kwa wino unaoonekana.

Hatua ya 3. Namba na kazi yake

Namba ya juu na ya chini zikiangukia makundi tofauti, fuata kundi kubwa. 150/112 ni mtu wa 110, sio wa 150.

Chini ya 140/90: mwambie iko sawa, arudi kupima baada ya mwaka. Isipokua yule wa sukari, moyo, figo au kiharusi ambae ya juu imefika 130 mpaka 139, huyo aonane na tabibu, anaweza kuhitaji dawa.

140 mpaka 159 juu, au 90 mpaka 99 chini: leo usimwite mgonjwa wa presha na asipewe dawa kwa kipimo cha siku moja. Mpe tarehe ya kurudi ndani ya wiki na uiandike. Akirudi ikawa vile vile, kwa tabibu siku hio hio aanzishwe.

160 mpaka 179, au 100 mpaka 109: tabibu leo, dawa inaanza leo. Asiondoke na ahadi ya kuja tena, mana wengi wanatoka mbali na msimu wa karafuu ukiingia humuoni tena mpaka mavuno yaishe.

180 na zaidi, au 110 na zaidi: hapa ndio tunapokosea mara nyingi, kwaiyo taratibu. Usitazame namba tu, muangalie mtu. Kifua kinauma? Anahema kwa shida? Kichwa kinauma sana, macho yamepata kiza ghafla? Kachanganyikiwa, kapata degedege, mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki?

Ikiwa hana hata moja, mpumzishe mahali kimya, pima tena. Ikibaki juu, tabibu leo, dawa ya kumeza leo, na arudi ndani ya wiki. Hii sio dharura ya kukimbizana na gari. Na naomba sana, nifedipini ya kuweka chini ya ulimi au kutoboa kidonge basi, tuache moja kwa moja. Presha ikiporomoka ghafla ubongo na moyo vinakosa damu, mtu aliekuja anatembea anaweza kupata kiharusi mikononi mwetu.

Ikiwa anayo hata moja, ita tabibu, piga simu gari ya wagonjwa, rufaa Hospitali ya Wete sasa hivi. Pima sukari, mana ikishuka sana inaweza kufanana na kiharusi. Ukishuku kiharusi asipewe chakula, maji wala kidonge, anaweza kupaliwa, na usijaribu kumshusha presha mwenyewe. Muulize aliemleta: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Andika saa hio kwenye barua ya rufaa, ndio kitu cha kwanza watakachouliza.

Hatua ya 4. Mjamzito na mzazi

140/90 inatosha. Pima mkojo kwa protini, uliza kichwa, macho, maumivu ya juu ya tumbo, kisha tabibu au mkunga leo leo, asirudishwe nyumbani kusubiri kliniki ijayo.

160/110 ni dharura hata kama anacheka na wewe. Rudia ndani ya dakika 15, huku mwenzako anaita gari. Dawa ya presha na magnesiamu salfeti zinaanza hapa hapa kwa amri ya tabibu, zisingoje Wete. Na mjamzito yoyote alie kwenye losatani au kaptoprili, mjulishe tabibu siku hio abadilishiwe, zinamdhuru mtoto tumboni.

Hatua ya 5. Alie kwenye dawa

Kila mwezi mpaka afike chini ya 140/90. Wa sukari, moyo, figo au kiharusi ya juu ishuke chini ya 130. Akitulia, kila miezi 3 mpaka 6.

Ikiwa haijashuka usikimbilie kusema dawa haifanyi kazi. Muulize bila kumgombeza: zilimalizika lini? Uliacha kwa sababu unajiona mzima? Unameza diklofenaki au ibuprofeni za mgongo, mana hizo zinapandisha? Ng'onda na chumvi ya mezani vipi? Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Miguu ikivimba kwa amlodipini au kikohozi kikavu kwa kaptoprili, mpeleke kwa tabibu abadilishiwe, asiache mwenyewe. Ramadhani ikikaribia wapange na tabibu mapema dozi za futari na daku.

Alhamisi kila wiki nesi wa zamu ya asubuhi anapitia daftari, aliepitisha siku 7 baada ya tarehe yake bila kuja apigiwe simu, asipopatikana jina liende kwa mhudumu wa afya wa shehia yake.