Karibu tena kazini dada yangu

Dada, shikamoo. Nimesikia kwa bosi kwamba unarudi Jumatatu, nikaona nikuandikie mapema usije ukaingia ofisini hujui unakuta nini. Pole tena na msiba. Najua umeshaambiwa pole mpaka umechoka kuitikia, ila ya kwangu ipokee tu. Mungu ampumzishe mzee.

Kuhusu kazi usiwaze. Ankara za wateja zote zimeshatoka, ripoti ya mwisho wa mwezi tumegawana na imeshaenda. Yule mteja wetu anayeanzaga na "mimi siyo mtu wa kulalamika" nimemwambia kwa sasa anipigie mimi, kakubali, na analalamika kama kawaida yake. Imeili usianze kuzifungua moja moja utachanganyikiwa bure, nyingi nimeshazijibu, zile zinazokuhitaji wewe mwenyewe nimezitenga kwenye folda nimeipa jina lako na hakuna ya haraka humo.

Kuhusu watu sasa. Watakuja kukupa pole mezani, nimewaomba wa idara yetu wasije wote kwa mpigo, ila unawajua. Wengine watakupita kimya kimya, siyo roho mbaya, hawajui waseme nini. Na hakosekani wa kuuliza "kwani aliumwa nini, ilianzaje", huyo huna deni naye, mwambie asante endelea na yako. Ukiona machozi yanakuja, ufunguo wa stoo ya makaratasi upo kwenye droo yangu ya juu, chukua tu usiniulize, atakayekutafuta nitamwambia umetoka kikazi.

Kitu ninachokiwaza zaidi ni saa saba. Ndo muda wako wa kumpigia mzee, na mimi nakaa hapo pembeni, nimewasikia sana, wewe unamuuliza baba umekula, yeye anakurudishia wewe je umekula, mnabishana hapo nani aanze kujibu. Na sauti ile ya mzee haikuhitaji spika! Siku ile uliponipa simu nimsalimie aliniambia "huyo mwangalie, akishika kazi anasahau tumbo", nikamwitikia ndiyo mzee. Kwa hiyo Jumatatu saa saba ukitaka tutoke tukale nje tutatoka, ukitaka kubaki peke yako nakuletea sahani naondoka zangu. Ukitaka kumzungumzia pia mi nina muda, visa vyake nilikuwa navipenda, na kile cha harusi hujanimalizia mpaka leo, siyo lazima wiki hii lakini.

Asubuhi ukichelewa chelewa, bosi mwenyewe kasema uje muda utakaoweza na ukichoka mchana uende nyumbani. Msalimie sana mama, mwambie tunamkumbuka. Na hii meseji usihangaike kuijibu, tutaonana hiyo Jumatatu.