Maneno ya skrini ya taarifa ya akaunti, toleo la Kiswahili

Kwa wenzangu wa programu ya simu na wa matawi ya Moshi na Arusha. Maneno haya yaingizwe kama yalivyo. Lebo za hali ya muamala ni hizi nne:

```
status.pending  = Inasubiri
status.posted   = Imeandikwa
status.reversed = Imerudi
status.held     = Imeshikiliwa
```

Zote zinasemea pesa, hazisemei muamala. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "Unasubiri" na "Umerudishwa", na kisarufi hazina kosa. Lakini mtu anayefungua simu akiwa kwenye foleni atasoma "Umerudishwa" akadhani ni yeye aliyerudishwa. Tukisema pesa inasubiri, pesa imerudi, hakuna wa kuchanganyikiwa, na ndivyo watu wanavyosema kaunta kila siku.

Juu ya skrini

Akaunti ya akiba, namba inayoishia 4471
Ijumaa, 14 Machi 2025

Salio la daftari: TSh 1,286,400
Pesa inayosubiri kutoka: − TSh 45,000
Pesa iliyoshikiliwa: − TSh 320,000
Salio la kutumia: TSh 921,400

Chini yake, kwa herufi ndogo: *Salio la kutumia ndilo unaloweza kutoa au kulipia sasa hivi. Pesa inayosubiri kuingia haijahesabiwa humu.*

Mistari hiyo minne isifichwe nyuma ya kitufe. Mteja akiona salio mbili bila kuonyeshwa hesabu iliyo katikati, anaamini kuna mtu amemlia tofauti hiyo.

Vichujio

Yote · Inayosubiri · Iliyoandikwa · Iliyorudi · Iliyoshikiliwa

Orodha ya miamala

14 Machi. Malipo ya kadi, duka la vifaa vya ujenzi, Moshi
− TSh 45,000 · Inasubiri

13 Machi. Hundi iliyowekwa, tawi la Moshi
+ TSh 600,000 · Inasubiri
*Bado haijaongezwa kwenye salio*

13 Machi. Hoteli, Arusha
TSh 320,000 · Imeshikiliwa
*Haijakatwa. Itaachiliwa 27 Machi kama hoteli haitatoza*

12 Machi. Marudio ya pesa ya ATM ya 11 Machi
+ TSh 200,000 · Imerudi

12 Machi. Marudio ya makato ya ATM ya 11 Machi
+ TSh 2,360 · Imerudi

11 Machi. Kutoa pesa kwenye ATM
− TSh 200,000 · Imeandikwa
*Pesa hii ilirudi 12 Machi. Gusa kuona*

11 Machi. Makato ya ATM, TSh 2,000 na VAT 18%
− TSh 2,360 · Imeandikwa
*Pesa hii ilirudi 12 Machi. Gusa kuona*

Mstari wa hoteli hauna alama ya kutoa wala ya kujumlisha, na hilo ni la makusudi. Kwenye orodha, alama ya kutoa ni ya pesa iliyoondoka au iliyo njiani kuondoka.

Maelezo yanayofunguka mteja akigusa lebo

*Inasubiri*
Muamala umepokelewa lakini haujaandikwa daftarini. Kama ni malipo, pesa imepunguzwa kwenye salio lako la kutumia, ila muuzaji bado hajaletewa. Kama ni hundi au pesa inayokuja kwako, huwezi kuitumia mpaka iandikwe. Kiasi kinaweza kubadilika au muamala ukafutika wenyewe. Huhitaji kulipa tena.

Sentensi ya mwisho iwe na wino mzito. Mteja akiona "Inasubiri" huku muuzaji akimwambia hajaona kitu, mkono wake unaenda moja kwa moja kulipa mara ya pili.

*Imeandikwa*
Pesa imetoka au imeingia, na imeandikwa kwenye daftari la akaunti yako. Muamala huu hautabadilika wala kufutwa. Ukirekebishwa, marekebisho yatakuja kama mstari mpya wenye tarehe yake.

Hapa nilipata shida zaidi kuliko penginepo. "Imeingia" haiwezekani, kwa sababu kwa kila mtu pesa iliyoingia ni pesa aliyopokea, na nusu ya mistari hii ni ya pesa zilizotoka. "Imepita" niliipenda, mpaka nikakumbuka kwamba kwenye mashine ya kadi dukani watu husema "imepita" karatasi inapotoka, wakati kwetu pesa hiyo bado inasubiri. "Imekamilika" nayo mtu anaipa hata hundi mara tu anapokabidhi kaunta. Daftari kila mwenye duka analo, na anajua kwamba kilichoandikwa humo hakifutwi kwa kifutio.

*Imerudi*
Muamala uliokatwa kwenye akaunti yako umetenguliwa na benki, na pesa yako imerudi. Mstari wa kwanza unabaki pale pale ili uweze kuona pesa ilivyotoka na ilivyorudi. Kama bidhaa ulirudisha dukani, lebo hii haitatumika: utaona "Marejesho kutoka kwa muuzaji", kwa sababu hapo muuzaji ndiye aliyekulipa.

Naomba mstari wa 11 Machi usichorwe mkwaju katikati wala kufifishwa. Mteja aliyesimama mbele ya ATM ikakata pesa isitoe noti anataka kuona yote mawili, kosa na marekebisho, na makato ya TSh 2,360 kando. Makato yakirudi ndani ya jumla ya TSh 202,360 hatajua kama yamerudi.

*Imeshikiliwa*
Pesa hii ni yako na iko kwenye akaunti yako, ila imewekwa kando kwa ajili ya malipo uliyoyakubali, kama vile chumba cha hoteli au gari la kukodi. Huwezi kuitumia kwa sasa. Hoteli ikitoza bili yake halisi, kiasi hicho ndicho kitakachoandikwa na kinachozidi kitaachiliwa. Kwa muda mfupi unaweza kuona pesa iliyoshikiliwa na bili iliyoandikwa kwa pamoja. Hujatozwa mara mbili.

Neno "Imezuiwa" lisionekane kabisa kwenye mstari wa aina hii. Nilipokuwa kaunta alikuja mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi, shikamoo yangu hata hakuiitikia, akaweka simu mezani na kuniuliza: "Binti, pesa yangu imezuiwa, nimefanya kosa gani?" Alikuwa amelala hotelini usiku mmoja tu. Alikuwa ameshapiga simu nyumbani kuwaambia akaunti imefungwa. "Imezuiwa" libaki kwa amri ya mahakama, ambapo maana yake ni hiyo hasa, na skrini yake ni nyingine.

Ujumbe mfupi wa simu

Inasubiri: *TSh 45,000 inasubiri kutoka, duka la vifaa vya ujenzi, Moshi. Usilipe tena. Salio la kutumia TSh 921,400.*

Imerudi: *TSh 200,000 ya ATM ya 11 Machi imerudi kwenye akaunti yako, pamoja na makato TSh 2,360.*

Imeshikiliwa: *Hoteli, Arusha, imeomba TSh 320,000 ishikiliwe. Pesa haijakatwa.*

Hoteli ikitoza: *Bili ya hoteli TSh 275,000 imeandikwa. TSh 45,000 iliyobaki imeachiliwa, unaweza kuitumia.*

Hiyo TSh 45,000 imeangukia sawa na ile ya duka la ujenzi. Kwenye majaribio wekeni bili ya TSh 280,000, ili anayejaribu asidhani ni pesa ile ile.

Kitufe cha mwisho kwenye kila muamala

*Siutambui muamala huu*

Akikigusa: *Pole. Tuambie kama kadi yako unayo mkononi. Kama huna, tuifunge kwanza, kisha tuendelee.*