Asilimia 30 kwa Mwezi

Stendi ya Tabora, basi la Kigoma likisubiri abiria, konda alishatoa laki tatu mfukoni. Jamaa alimwahidi asilimia 30 kila mwezi, yaani elfu tisini bila jasho, akamwonyesha na cheti cha BRELA.

“Mdogo wangu, hicho ni usajili wa kampuni tu,” dereva akasema. “Kibali cha kupokea amana hutoa Benki Kuu. Na faida inatoka biashara gani?”

Konda akauliza.

“Lete watu watatu, utaona,” jamaa akajibu.

Kumbe laki tatu ya mgeni mmoja ndiyo elfu tisini za wenyeji watatu! Orodha ya Benki Kuu ya wenye kibali ikafunguka kwa kusuasua kwenye simu. Jina la kampuni halikuwemo.

“Kigoma, Kigoma! Siti mbili!”