KUH: Makato ya Ovadrafti kwenye Akaunti Yako, Septemba 2025

Tawi la Kisumu,
Barabara ya Oginga Odinga,
6 Oktoba 2025.

Kwa Bi. Atieno,

Ijumaa ulipofika kaunta na taarifa ya akaunti mkononi, uliniuliza kwa nini umekatwa shilingi 1,406.84 ilhali hukuomba mkopo wowote mwezi uliopita. Foleni ilikuwa ndefu na jibu nililokupa halikutosha. Naomba radhi. Swali lako linastahili hesabu kamili, na ndiyo hii.

Ovadrafti ni ruhusa ya kuendelea kutoa pesa kwenye akaunti hata salio lako likiisha, mpaka kikomo tulichokubaliana. Chako ni shilingi 90,000, kwa mujibu wa karatasi ulizotia sahihi Julai. Tofauti na mkopo wa kawaida, hupewi pesa zote kwa mkupuo wala huna malipo ya kila mwezi. Deni huanza lenyewe pale hundi yako inapolipwa kwa pesa zisizokuwa zako. Ndiyo maana ulihisi hukukopa. Ile alama ya kutoa mbele ya salio ndiyo mkopo wenyewe.

Riba ni asilimia 16 kwa mwaka, lakini huhesabiwa kila siku. Jioni tukifunga vitabu, deni la siku hiyo huzidishwa kwa 0.16, kisha hugawanywa kwa 365. Jioni ambayo huna deni hulipi riba hata senti moja.

Tarehe 3 Septemba ulikuwa na shilingi 20,000, ikaja hundi ya mwenye maharagwe ya shilingi 80,000. Ukabaki na deni la 60,000, ambalo riba yake ni shilingi 26.30 kwa siku. Lilikaa siku 9: shilingi 236.71. Tarehe 12 ikaingia hundi nyingine ya 40,000, deni likafika 100,000, na riba ikapanda hadi 43.84 kwa siku. Hapo zilipita siku 13: shilingi 569.86. Tarehe 25 uliweka 70,000, likabaki deni la 30,000 kwa siku 6 za mwisho: shilingi 78.90. Jumla ya riba ni shilingi 885.47.

Sasa tazama ile tarehe 12. Kikomo ni 90,000 nawe ulifika 100,000. Meneja alikubali hundi ilipwe isirudi, maana hundi ikirudi inakuharibia jina kwa muuzaji, na ina ada yake pia. Lakini zile 10,000 zilizopita kikomo hutozwa asilimia 6 zaidi. Kwa siku 13 hiyo ni shilingi 21.37 tu. Kilichokuumiza ni ada ya kupita kikomo, shilingi 500, ushuru wa serikali ukiwa ndani. Ada hiyo ni ile ile, uwe umepita kwa shilingi 200 au 10,000. Mimi naiona kali kwa mfanyabiashara wa Kibuye, na ndiyo ningependa usiilipe tena. Kabla ya kuandika hundi kubwa, nipigie simu hapa tawini. Tunaweza kuomba kikomo kiongezwe kwa muda.

Makato yote yaliingia tarehe 30, kwa hiyo Oktoba umeianza na deni la 31,406.84. Riba ya siku sasa ni 13.77, si 13.15, kwa sababu makato ambayo hayajalipwa huungana na deni nayo huzaa riba.

Uliniambia zile 70,000 ulikuwa nazo dukani tangu Jumapili ya tarehe 14, ukingoja kwenda Ahero kununua mchele. Ungeziweka kwa wakala Jumatatu asubuhi ungeokoa zaidi ya shilingi 300, na siku ya safari ungezitoa tena, mradi usipite kikomo. Usingoje mpaka upate pesa za kumaliza deni lote. Hata mauzo ya siku moja yakilala kwenye akaunti, riba ya usiku huo inapungua.

Ulinitajia pia habari ya kujenga stoo. Tafadhali usiijenge kwa ovadrafti. Benki ina haki ya kudai deni hili lilipwe wakati wowote, na ruhusa yenyewe inaisha Julai. Maharagwe yanauzwa na kurudisha pesa ndani ya wiki chache, lakini ukuta haurudishi. Kwa stoo, tuzungumze kuhusu mkopo wa miaka miwili au mitatu.

Nitakuwa ofisini Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na daftari lako la mauzo tupange hundi za Oktoba.

Wako mwaminifu,

J. Wafula,
Afisa wa Wateja wa Biashara Ndogo.