Kifungu cha 7: Mipaka ya hisa za kampuni moja na za sekta

Siku ya kununua, hisa za kampuni moja zisizidi asilimia 10 ya mfuko, na sekta moja isizidi asilimia 25; kwa benki kikomo ni asilimia 20, kwa kuwa Equity na KCB za soko la Nairobi zinamiliki benki hapa Kongo, ambamo wanachama wetu wengi wa Lubumbashi tayari wameweka akiba zao.

Hisa ikipanda hadi kupita asilimia 15 ya mfuko kwa bei ya mwisho wa mwezi, mweka hazina atauza sehemu yake ndani ya siku 10 za soko mpaka ibaki asilimia 12, wala si 10, maana kupunguza mno ni kumnufaisha dalali. Mkutano hauruhusiwi kuahirisha mauzo hayo kwa hoja kwamba bei ingali inapanda.