Mkeka Umetandikwa: Maneno ya Kumkaribisha Mtungaji wa Utendi

Asalaam aleikum. Wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu mlioko upande wa ukutani, wageni mliotoka bara na mliovuka kivuko cha Likoni, nanyi watoto mlioijaza ngazi ile: masalkheri nyote.

Kirumbizi mmekiona. Fimbo zimegongana, vumbi limepanda, na vijana wetu bado wanahema pale mlangoni. Taarabu itafuata baadaye, wapigaji wanakaza nyuzi zao ndani. Nimeomba nafasi hii ya katikati kwa sababu anayekuja sasa hana ngoma wala fidla. Ana sauti yake na karatasi chache alizozikunja ndani ya buibui. Tukimpokea kwa joto hili la kirumbizi, tutampoteza kabla hajafika ubeti wa tano. Kwa hiyo nipeni dakika chache tuteremke pamoja, taratibu, mpaka ua huu utulie.

Mgeni wetu ametoka Amu, yaani Lamu. Mtanisamehe kwamba sitalitaja jina lake, naye mwenyewe ndiye aliyeniomba hivyo. Watunzi wa tendi wana desturi yao: mwanzo wa utendi ni wa Mungu, ndipo linafuata ombi la wino na karatasi, kisha habari yenyewe, na mwisho kabisa mtunzi hutaja idadi ya beti zake, akaomba asamehewe palipopotoka, akajitambulisha. Mama huyu anasema jina lake limo ndani ya ubeti, lina mizani yake na kina chake, na nikilitamka mimi hapa nitakuwa nimeling'oa mahali lilipopandwa. Basi msubirini. Atakayesikiliza mpaka mwisho ndiye atakayeondoka usiku huu akijua amemsikiliza nani.

Nitakachowaambia ni habari ya utendi wenyewe, kwa ruhusa yake.

Alikuwa na kaka. Kaka huyo alikuwa baharia katika jahazi lililobeba boriti za mikoko kutoka Amu kwenda Arabuni. Mnajua jinsi pepo zinavyotuendesha pwani hii: kusi ikianza kuvuma vyombo huelekea kaskazini, na kaskazi ikiingia hurudi. Mwaka ule waliondoka na kusi. Kaskazi ilipoingia vyombo vingine vilirudi, kimoja kimoja, na mama huyu, wakati huo msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akishuka pwani kila jioni kuvihesabu. Chombo cha kaka yake hakikurudi. Hakuna aliyeleta habari ya kuvunjika kwake, wala ubao mmoja haukuonekana. Nyumbani walishindwa hata kukaa matanga, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutamka kwamba amekufa.

Ubeti wa kwanza aliutunga akiwa na miaka ishirini. Ubeti wa mwisho aliumaliza mwaka jana. Sasa ni bibi mwenye vitukuu. Maisha yake yote amekuwa akimwandikia kaka yake barua: anamweleza nani ameoa, nani amezikwa, nyumba ipi imebomoka, maji ya kisima kipi yamekuwa ya chumvi. Nilipousoma mara ya kwanza, nikiwa nimekaa jikoni kwake, nilifika ubeti ambao anamwambia bei ya samaki wa siku ile, nikashindwa kuendelea. Mtu humwambia bei ya samaki yule anayetarajia atakuja kula.

Njia aliyoishika si mpya. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu, aliugua, akamwita binti yake akae karibu, akamwachia wasia kwa beti za utendi. Huko Pate, mwaka 1728, Mwengo wa Athumani alikuwa ameshatunga utendi mrefu wa vita. Visiwa vile vina ukoo mrefu wa watu waliozoea kuyaweka mambo mazito ndani ya mizani, kwa sababu neno lililofungwa kwa kina halidondoki njiani. Na wanawake wa visiwa hivyo hawakuwa wasikilizaji tu. Walitunga, walinakili kwa herufi za Kiarabu, na zaidi ya yote walighani, ndani ya nyumba, mbele ya watoto.

Hapo kwenye kughani ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Ukiitafuta leo miswada ya kale ya tendi zetu, mingi utaikuta London, imetunzwa vizuri kwenye maktaba ya chuo. Lakini karatasi imebeba maneno peke yake. Mahadhi hayakuandikwa. Sauti inapanda wapi, inavutwa wapi, pumzi inakatwa baada ya kipande kipi, hayo yamepita kooni hadi kooni. Mama huyu aliyapokea kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akighani huku anasuka ukili, na mkono wa ukili ndio uliokuwa ukimwonyesha mzani. Ubeti ukimkwaza mkono, bibi alijua kuna silabi imezidi au imepungua, na mtoto alirudishwa mwanzo. Mahadhi hayo hamtayapata kwa kufungua kitabu. Usiku huu yamo uani humu.

Sasa tulifundishe sikio, hasa kwa ajili ya vijana na wageni ambao utendi wameujua kwa mtihani tu. Nimetunga ubeti mmoja wa kumpokea mgeni. Hesabuni kwa vidole:

Tumempata mgeni
ametoka visiwani
na neno lake moyoni
tutulie kusikiya

Kila kipande kina mizani nane. Tu-me-m-pa-ta-m-ge-ni: nane, na ile “m” inasimama peke yake kama mzani kamili, mara zote mbili. Vipande vitatu vya mwanzo vimeishia kwa “ni”. Cha nne kimekwenda zake, “ya”. Ubeti ujao vile vitatu vinaweza kuwa na kina kingine chochote, lakini cha nne kitarudi pale pale kwenye “ya”, na unaofuata vivyo hivyo, mpaka mwisho wa utendi. Kina hicho ndicho bahari yake. Mtakisikia kikirudi kama maji yanavyorudi ufukweni, na baada ya beti kumi hivi mtaanza kukingoja bila kujijua. Kingojeni. Kuna mahali anakichelewesha makusudi, na sitawaambia ni wapi.

Anaghani kwa Kiamu, wala hakuna sababu ya kumtaka abadilishe. Masikio yenu yatazoea upesi mkiyajua maneno machache. Akisema “mai” ni maji. “Moya” ni moja, “yeo” ni leo, “mato” ni macho. “Ndia” ni njia na “nti” ni nchi, hayo wenyeji wa Mvita mnayajua tangu kwa bibi zenu. Na akisema “ndoo”, watoto wangu, hazungumzii ndoo ya kuchotea maji. Anamwita kaka yake: njoo. Neno hilo litakuja mara nyingi. Mkilikosa hilo mtakuwa mmeukosa utendi.

Usiku huu hatasoma beti zote. Atasoma sitini, zile za mwisho zikiwemo, kama robo saa hivi, kisha atapumzika. Katika robo saa hiyo tuna mambo ya kusaidiana.

Ataanza kwa kumtaja Mungu na kuomba dua. Itikieni “Amin”, kwa sauti ya kawaida. Baada ya hapo msipige makofi katikati. Najua mmezoea kumtunza mwimbaji anapokugusa, na taarabu ikianza mtatunza mpaka mchoke, lakini kati ya ubeti na ubeti mama huyu anavuta pumzi, na kimya kile ni sehemu ya mahadhi. Makofi yakiingia pale, ubeti unaofuata unazaliwa umechelewa. Ukiguswa, sema “naam” chini kwa chini, kama tunavyofanya barazani. Hilo atalisikia na litamtia nguvu.

Simu. Kijana mmoja amekaa pale pembeni na kinasa sauti, naye mama amemkubalia. Nakala atakayeitaka ataipata. Kwa hiyo sisi wengine tuziweke simu mifukoni, na taa zake tuzizime. Mama huyu macho yake ni mazito, na mwanga ukimpiga usoni hupoteza mstari. Zaidi ya hapo, nataka mlete masikio yenu mazima. Mtu anayeangalia kama picha inatoka vizuri anasikia nusu.

Babu wa kahawa, tafadhali. Mlio wa vikombe vyako tunaupenda, ndio unaotuambia tuko nyumbani, lakini kwa robo saa hii viweke chini. Na wanaotaka kutoka kwenda kununua mahamri watoke sasa, tunawasubiri. Mlango ule unalia sana ukifunguliwa.

Hatasimama. Atakaa juu ya mkeka, hapa chini ya mwembe, kama bibi yake alivyokuwa akikaa. Waliokuwa nyuma sogeeni. Watoto teremkeni ngazini mje mkae karibu na mkeka, miguu ikunjwe, maana utendi ni jambo la kusikiwa kutoka hapo chini. Kipaza sauti tumekiweka mbali kidogo na kinywa chake kwa hiari yake, kwa hiyo sauti haitakuwa kubwa. Sikio ndilo litakalomfuata.

Jambo la mwisho ni la kwangu mwenyewe. Nimefundisha Kiswahili darasani kwa miaka ishirini na miwili. Nimeandika ubaoni “mizani, vina, vipande, beti” mara nisizoweza kuzihesabu, na wanafunzi wangu wamevinakili na kufaulu. Kisha siku moja nilikaa jikoni kwa mama huyu, akaweka sufuria chini, akaghani beti nne bila kutazama popote, mikono ikiwa bado na unga. Tangu siku hiyo, kila ninapoanza somo la ushairi, naufunga mlango wa darasa, nawaambia wafunge vitabu, na naghani kwanza. Sauti yangu si ya Amu na mahadhi yangu si kamili. Lakini watoto hunyamaza. Kwa hiyo ninaposimama hapa kumkaribisha, ninamkaribisha mwalimu wangu.

Taa ya pale juu izimwe, ibaki hii ya kandili. Ahsanteni.

Mama, mkeka umetandikwa, maji yako yako mkono wa kulia. Jamaa wa Mvita wamekaa na wametulia. Ingia, mama yetu. Karibu sana.